Ukishusha gitaa hadi C, badilisha nyuzi kwanza

Kijana mmoja alikuja mazoezini kwetu Lanet, Nakuru, na gitaa alilolishusha hadi C: nyuzi tano kwa toni moja, ule mnene kwa toni mbili. Rifu zake zilikuwa tamu, ila kila alipoupiga uzi wa sita kwa nguvu, noti ilianza juu ya mahali pake kisha ikateremka. Mshale wa tyuna ulikuwa ukionyesha hivyo hivyo. Alidhani gitaa ni bovu.

Gitaa lilikuwa zima. Nyuzi ndizo zilizokuwa za tyuni ya kawaida, ule mnene ukiwa namba 46, yaani unene wa inchi 0.046. Kwenye gitaa la urefu wa kawaida, uzi huo ukiwa E huvutwa kwa takriban kilo 8. Ukiuteremsha hadi C, zinabaki kilo 5 hivi, nao unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiupiga, mpigo wenyewe unauvuta na kuipandisha noti. Tena unayumba hadi unagonga freti, na ule uzito wa sauti uliokuwa unautafuta unageuka mlio wa kukwaruza.

Tulimwekea seti yenye uzi mnene wa 56, ambao kwa C huvutwa kwa kilo 7 na nusu hivi. Mkono ukapata kitu cha kupiga.

Lakini kazi haikuishia hapo. Uzi wa 56 haukutoshea kwenye mfereji wake pale juu ya shingo. Ukikaza tyuni, unasikia “tik” na noti inaruka. Mfereji huo hupanuliwa kwa tupa nyembamba, pande tu. Ukiuchimba chini, uzi utagonga freti ya kwanza, na hapo utanunua kipande kipya chenye mifereji.

Kisha linganisha noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na ile ya kugusa uzi juu ya freti hiyo hiyo bila kubonyeza. Ya kubonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha nyuma kile kipande cha daraja kinachobeba uzi, mbali na shingo, upime tena. Uzi mnene karibu kila mara hudai kurudishwa.

Distosheni nayo ipunguze. Watu hubisha hapa, lakini C ya chini ina mitetemo 65 kwa sekunde, na besi inacheza oktavu moja chini yake. Ukijaza distosheni na mabesi kwenye ampu, ngoma ya mguu haisikiki tena, na rifu ya haraka inakuwa uji.

Kama bendi yenu ina wimbo mmoja au miwili tu ya namna hii, mimi ningeshusha uzi wa sita peke yake hadi D. Uzi wa 46 hapo hubaki na kilo 6 na kidogo, kodi nzito unaibonyeza kwa kidole kimoja, na hakuna mfereji wa kupanua.