Sura ya msailiwa na alama zake

*Niko kwenye jopo la usaili. Nitajuaje kama sura na mavazi ya mtu vinanivuta?*

Toa karatasi zako za alama za usaili uliopita. Mtu wa kawaida hujibu swali moja vizuri na jingine ovyo. Ukikuta msailiwa kapata 4, 4, 5, 4 kwenye maswali yanayopima mambo tofauti kabisa, huenda ulimpa alama yeye, si majibu yake.

Kisha soma maelezo. Tuseme mhasibu aliulizwa namna ya kupatanisha daftari la fedha na taarifa ya benki. "Nadhifu, anajiamini" si ushahidi. "Alianza na hundi ambazo benki haijazilipa" ni ushahidi. Kwa hiyo andika alama na alichosema mara swali linapoisha, kabla wanajopo hawajaongea. Mwenyekiti akishasema "huyu anapendeza", mmekwisha.

— Sisi tunaondoa picha kwenye maombi, imetosha.

Inasaidia kwenye mchujo tu, ndugu, mlangoni utamwona. Kwenye kupandisha cheo ndiyo haisaidii kabisa, maana bosi anamwona kila siku. Hapo mwambie aandike kazi alizofanya kila mmoja kabla ya kutaja jina analolitaka.

— Mimi nilinyimwa nafasi ya mapokezi, wakasema sina "mwonekano". Na hapo je?

Hapo pagumu, dada. Unadhifu unaweza kuwa sharti la kazi, ila uandikwe kwenye tangazo, na uwe kitu mtu anaweza kukibadilisha. Je, walikueleza walichomaanisha?