Mwili kushtuka usingizi unapoanza kukuchukua

Swali: Daktari, nikianza tu kupitiwa na usingizi nahisi nadondoka, mguu unajirusha, naamka moyo unakwenda mbio. Nasomea mtihani, nalala saa tano usiku. Kahawa nakunywa saa kumi na mbili jioni, na kikombe kingine saa mbili usiku. Mke wangu anahofia ni kifafa. Je, ni kweli?

Jibu: Kwa ulivyoeleza, hicho si kifafa. Watu wengi hushtuka hivyo angalau mara mojamoja, wazima wa afya kabisa.

Chanzo chake hakijathibitishwa kikamilifu, ila maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Usingizi hauingii kwa mkupuo. Sehemu ya ubongo inayoleta usingizi hulizimisha polepole eneo la shina la ubongo linalotuweka macho, na wakati huohuo misuli inalegea. Katika makabidhiano hayo, neva za shina la ubongo zinaweza kufyatua ishara moja kali kupitia uti wa mgongo, na misuli ikajikaza yote pamoja kwa muda usiofika sekunde moja. Ile hisia ya kudondoka huenda ni ubongo uliokwisha kuanza kuota, ukijitafutia maelezo ya mtikisiko huo. Zile habari kwamba tunashtuka kwa kuwa mababu zetu walilala juu ya miti wakiogopa kudondoka ni nzuri kusimulia, lakini hakuna aliyezithibitisha.

Kwako naona vichochezi viwili: wasiwasi wa mtihani, na kahawa. Kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu, ingawa watu hutofautiana. Kwa hiyo unapolala saa tano, nusu ya kikombe cha kwanza bado imo mwilini, na cha pili kimebaki kama theluthi mbili. Ubongo unavutwa huku na huku. Ukikosa usingizi kwa hofu ya kushtuka, uchovu nao unazidisha mishtuko. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana, jaribu hivyo wiki mbili. Chai ya rangi nayo ina kafeini, usije ukabadilisha moja kwa nyingine.

Mwombe mke wako akuangalie ukishalala fofofo. Akiona miguu inajikunja tena na tena, kila baada ya sekunde 20 hadi 40 hivi, bila wewe kuamka, hilo ni tatizo jingine. Kifafa cha aina ya mishtuko mara nyingi huanza ujanani na hujitokeza asubuhi baada ya kuamka: mikono inaruka, kikombe kinamponyoka mtu akiwa macho. Ukiona hivyo, au ukijiuma ulimi, ukajikojolea au ukapoteza fahamu, nenda hospitali, na mwambie daktari dawa zote unazotumia, maana baadhi ya dawa za sonona huongeza mishtuko ya kuanza kusinzia. Usiziache mwenyewe.