Wastani wa sampuli na mgawanyo wa kawaida: pale 30 isipotosha

Swali: "Mwalimu ametuambia kwamba sampuli ikifika 30, wastani wake unafuata mgawanyo wa kawaida hata kama data yenyewe haina umbo hilo. Kwa nini iwe hivyo? Na je, kuna pahali jambo hili halifanyi kazi?"

Ndugu yangu, nitakujibu kwa data niliyoizoea. Kwa miaka kadhaa nimeandaa ripoti za ofisi moja ya klaringi hapa Mombasa, na mojawapo ya hesabu tunazoulizwa kila mara ni idadi ya siku ambazo kontena hukaa Kilindini kabla ya kutolewa. Mengi hutoka ndani ya wiki moja au mbili, lakini machache hukwama kwa sababu ya karatasi au ushuru, na hayo hukaa muda mrefu mno. Ili hesabu iwe nyepesi, tubuni bandari ambayo kila kontena lina nafasi sawa ya kukaa mojawapo ya siku hizi kumi: 3, 4, 4, 5, 5, 6, 7, 8, 12 na 46. Wastani wake ni siku 10, ingawa ni makontena mawili tu kati ya kumi yanayofikia au kupita muda huo. Mkengeuko sanifu ni karibu siku 12.2.

Sasa, kwa nini wastani wa sampuli uelekee umbo la kengele? Fikiria jumla ya thamani kadhaa zisizotegemeana. Varianzi, yaani wastani wa miraba ya umbali kutoka katikati, hujumlika: ukiwa na makontena n, varianzi ya jumla ni mara n ya varianzi ya kontena moja, na kwa hiyo upana wa jumla hukua kwa √n tu. Kipimo cha mwegemeo, yaani kiasi ambacho umbo limeelemea upande mmoja, kinatokana na umbali uliopandishwa kwa kipeo cha tatu, nacho hujumlika mara n. Lakini ili tulinganishe umbo bila kujali ukubwa, ni lazima tukigawe kwa upana uliopandishwa kwa kipeo cha tatu, ambao umekua mara n√n. Kinachobaki ni mwegemeo wa awali uliogawanywa kwa √n. Uzito wa mikia, unaotokana na kipeo cha nne, ukipimwa kwa kiasi unachozidi ule wa mgawanyo wa kawaida, hugawanywa kwa n yenyewe, na sifa nyingine zote za umbo hufifia kwa kasi zaidi. Zinazosalia ni mbili tu, yaani kitovu na upana, na umbo lisilo na kitu kingine zaidi ya hivyo viwili ndilo mgawanyo wa kawaida. Mwanahisabati De Moivre alikwisha kuliona jambo hili katika kurusha sarafu mwaka 1733, na Laplace akalipanua mwaka 1810.

Angalia kwamba katika maelezo hayo 30 haikutajwa popote. Nadharia inasema tu kwamba mwegemeo hupungua kadiri n inavyokua. Haisemi umepungua kiasi gani pale ulipo. Hilo hutegemea ulianza na mwegemeo gani. Katika bandari yetu ya kubuni mwegemeo ni karibu 2.5, na ukiugawa kwa √30 unabaki karibu 0.45, ambao bado unaonekana wazi kwa macho ukichora wastani wa sampuli nyingi.

Madhara yake yanaonekana vizuri tukifuatilia lile kontena la siku 46. Uwezekano kwamba sampuli ya makontena 30 haitakuwa na hata moja la aina hiyo ni 0.9 kwa kipeo cha 30, yaani takribani 4 katika 100. Sampuli kama hiyo itatoa wastani wa karibu siku 6, na mkengeuko sanifu wa takribani siku 2.6, hivyo masafa ya uhakika wa asilimia 95 yatakuwa kati ya siku 5 na 7. Ukweli ni 10. Ripoti itakuwa imekosea na huku inajiamini kupita kiasi, kwa kuwa kitu kilekile kilichoushusha wastani ndicho kilichoupunguza upana unaotumika kupima kosa. Uwezekano wa kupata kontena moja tu la siku 46 ni takribani 14 katika 100. Hapo wastani ni karibu 7.3, na masafa hufika 10.2 hivi, yaani mara nyingine yanaufikia ukweli kwa shida na mara nyingine hayaufikii. Unaweza kujihakikishia mwenyewe:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(1)
x = np.array([3, 4, 4, 5, 5, 6, 7, 8, 12, 46])
s = rng.choice(x, size=(100000, 30))
w = s.mean(axis=1)
k = 2.045 * s.std(axis=1, ddof=1) / np.sqrt(30)
print((w + k < 10).mean(), (w - k > 10).mean())
```

Kama umbo la kengele lingekuwa limekamilika, namba zote mbili, yaani sehemu ya sampuli ambazo masafa yake yote yako chini ya 10 na sehemu ya zile ambazo yote yako juu yake, zingekaribia 0.025. Utaona ya kwanza inaizidi ya pili mara nyingi: tunapokosa, karibu kila mara tunakosa kwa kukadiria chini. Kwa mwenye mzigo anayepanga fedha za kulipia hifadhi, huo ndio upande wenye hasara. Mwanatakwimu William Cochran alipendekeza kipimo chepesi, kwamba n izidi mara 25 ya mraba wa mwegemeo. Kwa mwegemeo wa 2.5 tunahitaji makontena zaidi ya 150. Tatizo, na hapa napenda kuwaonya vijana wa ofisini, ni kwamba mwegemeo wenyewe ukikadiriwa kutoka sampuli ndogo hutoka mdogo kuliko ulivyo, kwa sababu ileile ya kontena lisiloonekana. Afadhali kuukadiria kutoka rekodi za zamani zilizo nyingi.

Kuna data ambayo hata sampuli kubwa haiiokoi. Ikiwa mkia ni mzito kiasi kwamba varianzi haina kikomo, hoja yote ya √n inakosa msingi. Katika mgawanyo wa Cauchy, wastani wa thamani milioni moja una mtawanyiko uleule wa thamani moja. Dalili yake ni rahisi kuiona: chora wastani unavyobadilika data inapoongezeka, na ukikuta kila baada ya kitambo unaruka kwa sababu ya thamani moja mpya, usiandike masafa ya uhakika.

Lakini katika kazi yetu, kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kuliko yote hayo ni la kutegemeana. Mtu huleta rekodi za makontena 200, akagawa mkengeuko kwa √200, kumbe yote yameshushwa na meli kumi tu, ishirini kwa kila meli. Meli ikichelewa kushusha, au mfumo wa forodha ukikwama wiki ile, makontena yake yote huathirika pamoja. Tuseme uhusiano kati ya makontena ya meli moja ni 0.2: varianzi ya wastani huongezeka mara 1 + 19 × 0.2, yaani 4.8, na yale 200 yanakuwa na thamani ya makontena 42 hivi yasiyotegemeana. Kuongeza makontena mengine kutoka meli zilezile hakusaidii sana. Mimi huchukua kwanza wastani wa kila meli, kisha nikakokotoa kosa sanifu kutokana na wastani hizo kumi kwa jedwali la t lenye digrii 9 za uhuru. Masafa hutoka mapana, na wakubwa hulalamika, lakini upana huo ndio data inaoubeba.