Kauli ya nafasi ya mtafiti si kitubio

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa ugani wilayani Bahi, nasoma shahada ya uzamili. Nimewahoji wakulima 16 kwa nini wanang'ang'ania mahindi badala ya mtama. 9 ni wa kijiji ninachohudumia, 7 ni wa kijiji cha kata nyingine wasikonijua. Msimamizi anataka niandike kauli ya nafasi yangu kama mtafiti, yaani mimi ni nani kwa hao niliowahoji na hilo limegusaje utafiti. Naogopa nikisema mimi ni afisa wa serikali, tena Mgogo mwenyeji, mtahini ataona nimeegemea upande. Nimeambatisha rasimu ya sura ya tatu na jedwali la misimbo niliyoyapa majibu yao. Niandike au niache?

Jibu: Marahaba. Andika, ila si aya hiyo uliyoambatisha. Ile inayosema mtafiti "anatambua kuwa asili yake inaweza kuathiri matokeo, hata hivyo alijitahidi kuweka kando hisia zake" nimeshaisoma kwenye tasnifu za wauguzi, walimu na maafisa maendeleo ya jamii, neno kwa neno. Najua inakotoka. Kuna watu hapa mjini wanajiita washauri wa utafiti, wanaiuza pamoja na kazi ya kuchapa na kujalidi. Aliyekuuzia hajasoma hata hojaji yako moja.

Kosa la aya hiyo ni kwamba imegeuza kauli kuwa kitubio: taja dhambi, ondolewa, nenda zako. Mtafiti wa elimu Wanda Pillow aliionya tabia hii katika makala yake ya mwaka 2003, na bado tunayo. Mtu anaorodhesha kabila, jinsia, elimu na dini, halafu sura ya nne inaendelea kama vile hakuna aliyetaja chochote. Orodha ya namna hiyo haimwambii mtahini lolote kuhusu data. Anachotaka kujua ni wapi hasa, katika mahojiano haya 16, kuwa kwako afisa ugani kulibadilisha kilichosemwa, na ulifanya nini ulipokiona.

Jibu limo kwenye jedwali lako mwenyewe. Msimbo wa "uhaba wa mbegu" umejitokeza kwa wakulima 8 kati ya 9 wa kijiji unachohudumia, na 2 tu kati ya 7 wa kata ile nyingine. Huko kwingine wanazungumzia kweleakwelea, kwamba mtama mweupe unahitaji mtu wa kuamia ndege tangu punje zikiwa na maziwa hadi mavuno, na watoto siku hizi wako shuleni. Rasimu yako imejumlisha 8 na 2, ikapata 10, ikatangaza kuwa uhaba wa mbegu ndiyo sababu kuu. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Wewe ndiye unayewaandikisha wakulima hao kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Ukikaa chini ya mti wa mtu na kinasa sauti ukamuuliza kuhusu mtama, kuna uwezekano mkubwa akakujibu kama anavyomjibu afisa ugani, yaani anaomba.

Lakini usikimbilie kuamua kwamba ni hivyo. Inawezekana kijiji chako kweli kiko mbali zaidi na duka la pembejeo, na 8 hao wanasema ukweli mtupu. Kuna njia za kutofautisha, na hazihitaji fedha. Rudi kwenye unukuzi uangalie neno mbegu limeingiaje. Kama mkulima analitaja anaposimulia msimu uliopita, alitafuta wapi, alikosa, akapanda nini badala yake, hiyo ni habari ya shamba lake. Kama linakuja mwishoni, nawe unafunga daftari, katika umbo la "mtuletee" au "mtufikirie na sisi", hapo anaongea na ofisi yako. Sikiliza na sauti yenyewe, maana unukuzi hufuta kicheko na kusita. Kisha tafuta umbali wa duka la pembejeo kwa kila kijiji. Ukiweza, mwombe mwenzako asiyejulikana pale awahoji upya wakulima wawili watatu kwa mwongozo uleule. Hata hivyo hutapata kipimo kamili cha ni kiasi gani uwepo wako ulisukuma majibu, wala usikiahidi.

Sasa tazama swali lako la kwanza kwenye mwongozo: "Kwa nini hamlimi mtama?" Swali hili tayari limeshaamua kwamba mtama ndio sahihi na mkulima ana la kujieleza. Ni ujumbe wa kazini kwako, na una mantiki yake katika mkoa mkame kama huu wetu, lakini si swali la mtafiti. Mkulima aliyeulizwa "msimu uliopita ulipanda nini, na uliamuaje?" angekuwa na nafasi ya kukueleza hesabu yake yote, ikiwemo kwamba mahindi yanauzika haraka au kwamba ugali wa mahindi ndio watoto wanaoutaka. Hili ndilo la kuandika kwenye kauli. Nafasi yako iliingia kwenye swali kabla hujamsalimia mtu yeyote, na kusema "niliweka kando hisia zangu" hakuliondoi.

Kuhusu hofu yako ya kuegemea upande: unadhani mtafiti asiyejitaja ndiye asiyeegemea. Mwananadharia wa sayansi Donna Haraway aliandika mwaka 1988 kwamba kila anayetazama anatazama akiwa mahali fulani, na anayejifanya haonekani ndiye asiyeweza kuwajibishwa kwa anachodai kukiona. Mwanafalsafa Sandra Harding, katika miaka ya 1990, alikwenda mbali zaidi: mtafiti achunguzwe kwa ukali uleule anaowachunguzia wengine, kwa sababu imani ambazo kundi lake zima linazishiriki hazitakamatwa na mbinu ambazo kundi hilohilo linazitumia. Maafisa ugani kumi wakikagua hojaji yako, wote wataona swali la mtama ni sawa. Angalia pia kwamba hakuna kati ya wawili hao aliyesema kila mtu ana ukweli wake. Kujitaja kunampa msomaji njia ya kukukagua, basi. Ukijitaja halafu ukaficha jedwali la vijiji viwili, hujampa kitu.

Na hilo la "Mgogo mwenyeji", ambalo washauri wale hulipenda sana, lifute au ulithibitishe. Umeandika kwamba kwa kuwa unazungumza Kigogo wakulima walikuwa huru kwako. Ulijuaje? Mwenyeji huachiwa mengi bila kuelezwa, kwa sababu "wewe si unajua". Nimesoma mahojiano ambamo msemo huo ulikata maelezo pale pale yalipoanza kuwa na maana, na mtafiti akatikisa kichwa akapita. Uhesabu umo mara ngapi kwenye unukuzi wako, na mara ngapi ulisema "nieleze tu". Mgeni naye ana upofu wake, ila angalau huuliza. Siku hizi naona tasnifu nzima zinasimama juu ya sentensi moja ya uenyeji, mahojiano yenyewe mafupi, na mtahini anatakiwa aamini kwa sababu ya jina la ukoo. Mimi hurudisha kazi hizo.

Huhitaji kuanika maisha yako. Magonjwa, ndoa na imani yako viache nje kama havikugusa data. Watafiti wa afya wana orodha ya COREQ ya mwaka 2007, ya mambo ya kuripoti katika utafiti wa mahojiano, yenye vipengele 32. Vinane vya kwanza vinamhusu mtafiti na vinauliza mambo makavu tu, kama kazi yake, uzoefu wake, uhusiano wake na wahojiwa kabla ya utafiti, na wahojiwa waliambiwa nini kumhusu. Jibu hayo kwa aya moja kwenye sura ya tatu.

Mengine yapeleke sura ya nne, penye matokeo. Tenganisha vijiji viwili, na yale majibu ya "mtuletee" yaandike kama maombi kwa afisa, usiyaite sababu za kutolima mtama. Shajara ya uwandani kama hukuandika, usiitunge leo kwa tarehe za nyuma. Huo ni udanganyifu, na kalamu moja kurasa zote hutambulika. Sema hukuwa nayo, utegemee rekodi na unukuzi. Nitumie jedwali ukishalitenganisha.