Namba mbili na mstari mmoja: shajara ya asiyependa kuandika

Ukiniambia "andika ulivyojisikia leo," nitakaa na kalamu mkononi hadi wino ukauke. Wapo watu ambao fikra zao hutiririka wanapoandika, nami si mmoja wao. Kurasa ndefu hunichosha, na nikijilazimisha huishia kuandika mambo yanayosikika vizuri kuliko yaliyotokea. Lakini nilihitaji kujua kwa nini baadhi ya wiki hunielemea bila sababu ninayoiona. Kilichonifaa ni ukurasa mmoja kwa mwezi, wenye namba na alama. Naueleza hapa jinsi unavyotengenezwa na, jambo ambalo wengi huliacha, jinsi unavyosomwa.

Chukua daftari la kawaida. Andika tarehe zikishuka upande wa kushoto, mstari mmoja kwa kila siku. Mbele yake chora safu nne nyembamba: moyo, nguvu, saa za usingizi, na safu ya nne ya jambo moja unalolishuku, kwa mfano kafeini, mazoezi, au kikao cha kazini. Nafasi inayobaki kulia ni ya maneno machache. Kila siku inakuchukua dakika moja hivi, na hutakiwi kuunda aya yoyote.

Kwa nini namba mbili, moyo na nguvu, badala ya moja? Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alipendekeza kwamba hisia zipangwe kwenye mihimili miwili: jinsi hali inavyopendeza au kukera, na jinsi mwili ulivyoamka au kupoa. Kwenye daftari faida yake unaiona mara moja. Mtu mwenye wasiwasi, ambaye moyo unamdunda na hawezi kukaa kitako, na mtu mwenye huzuni, ambaye hata kunyanyuka kitandani ni kazi, wote wataandika 2 kwenye safu ya moyo. Ukiwa na namba moja tu, siku hizo mbili zinafanana. Ukiongeza nguvu, wa kwanza ana 2 na 5, wa pili ana 2 na 1. Wa kwanza anahitaji kutulizwa, wa pili anahitaji kusogezwa kidogo, na ushauri wa mmoja unaweza kumzidishia mwingine.

Namba hizo ziende kuanzia 1 hadi 5, lakini zisiachwe zielee. Ndani ya jalada andika kila namba inamaanisha nini kwako, kwa vitendo vinavyoonekana. Zangu za moyo ni hizi: 1, tangu asubuhi nilitamani siku iishe, 2, nilikwepa simu za watu ninaowapenda, 3, siku imepita, sina la kulalamikia wala la kusimulia, 4, kuna jambo nililifurahia nikiwa ndani yake, 5, nilijikuta nikiimba au kucheka bila kuchokozwa. Za nguvu huanzia "kuoga tu kulikuwa mzigo" hadi "mwili hautulii, mawazo yanakimbizana." Angalia kwamba 5 ya nguvu si sifa. Safu hii haina alama nzuri na mbaya, ina juu na chini tu.

Usipoandika maana hizo, baada ya muda mfupi utaona 3, 3, 3, 3 zikijipanga hadi chini ya ukurasa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba jedwali limekufa, na chanzo chake mara nyingi si maisha yaliyotulia. Ni kwamba 3 haikudai ufikiri. Rudi kwenye jalada, uandike upya maana ya 2 na 4 mpaka utofauti wake na 3 uwe kitu ambacho hata mtu mwingine angekiona akikutazama.

Jaza wakati uleule kila siku, ukiuambatanisha na jambo ambalo tayari unalifanya. Mimi hujaza jioni, kabla uchovu wa usiku haujaanza kuisemea siku nzima. Siku iliyogawanyika naiandikia 4/2, asubuhi kisha jioni, kwa sababu kumbukumbu ina upendeleo wake: mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha kwamba tukikumbuka jambo huwa tunalipima zaidi kwa kilele chake na mwisho wake kuliko kwa muda wake wote. Ndiyo maana pia siku uliyosahau isijazwe kwa kukisia kesho kutwa. Weka kistari, uendelee. Mapengo nayo yanasomeka: yakijazana karibu na siku za 1 na 2, maana yake unaacha kuandika pale hasa unapolihitaji daftari, na wastani wa mwezi unaonekana mzuri kuliko mwezi wenyewe ulivyokuwa.

Sasa yale maneno machache ya kulia. Hapa naazima kutoka kwa Ryder Carroll, aliyeutangazia umma mfumo wake wa daftari la nukta mwaka 2013. Kwake, nukta ni jambo la kufanya, duara ni tukio, kistari ni wazo au maelezo. Likifanyika, nukta inageuzwa kuwa X. Likihamishiwa mbele, inakuwa >. Kwa hali ya moyo nahitaji mbili tu, duara na kistari, na nguvu yake ni kwamba zinanilazimisha kutenga kilichotokea na nilichokifanya kichwani kutokana nacho.

Jaribu na sentensi hii: "Mkuu wangu amenidharau." Ni duara au kistari? Ukiitazama vizuri, si tukio. Tukio ni "○ Mkuu hakujibu ujumbe wangu," na chini yake, "– Nimehisi sina thamani." Mwandishi wa kurasa ndefu angeweza kuzichanganya hizo mbili katika aya moja tamu na asigundue kamwe. Alama mbili zinakusimamisha kabla hujaandika, na mara nyingi kule kusimama pekee kunatosha kushusha joto. Nikiulizwa sehemu moja ya mfumo huu ambayo singeiacha, ni hii.

Rafiki yangu mmoja, mtu anayechukia kuandika kuliko mimi, aliniruhusu kueleza ukurasa wake. Alikuwa na hakika kwamba vikao vya tathmini kazini ndivyo vinavyomvunja. "Vikao hivi vitanimaliza," ndivyo alivyosema. Safu yake ya nne ikawa ni kikao. Mwisho wa mwezi alikuwa na siku 26 zilizojazwa, na 8 kati yake zilikuwa na kikao. Wastani wa moyo siku za kikao ulikuwa 2.6, siku nyingine, 3.3. Ungesema kesi imekwisha.

Tukaitazama safu ya usingizi. Siku 9 zilitanguliwa na usiku wa chini ya saa sita, na wastani wake ulikuwa 2.2, wakati siku 17 zilizobaki zilikuwa na 3.5. Kisha tukauliza swali ambalo ndilo kiini cha usomaji: vitu hivi viwili vinakutana wapi? Vikao 5 kati ya 8 vilitanguliwa na usiku mfupi. Vile 3 vilivyokuja baada ya usingizi wa kutosha vilikuwa na wastani wa 3.3, karibu sawa na siku za kawaida. Na siku 4 za usiku mfupi zisizo na kikao chochote zilishuka vilevile, hadi 2.25. Kikao chenyewe hakikuonekana kuwa na uzito mkubwa. Alikuwa anakesha akikiandaa.

Bado ilibidi kuuliza kama ni moyo mzito uliomkosesha usingizi, maana njia hiyo nayo ipo. Tulitazama namba ya siku iliyotangulia kila usiku mfupi. Nyingi zilikuwa 3, hivyo mshuko ulikuja baada ya usiku, si kabla. Akaanza kuandaa vikao siku mbili mapema na kufunga kazi jioni. Mwezi uliofuata vikao viliendelea, na siku zake hazikuporomoka kama mwanzo. Siku 3 ni chache mno kuthibitisha jambo, nami sitakudanganya kwamba zinatosha. Tofauti isiyofika nusu ya namba naipuuza kabisa. Kazi ya jedwali ni kukuonyesha jambo lipi ulijaribu kwanza, kisha mwezi wa pili ndio unaojibu.

Yapo mambo mawili yanayoharibu ukurasa mzuri. La kwanza ni safu nyingi. Kila kitu kinaonekana muhimu siku ya kuchora, ila safu kumi hujazwa kwa wiki moja tu. La pili ni kugeuza namba kuwa mtihani. Ukijikuta unaipandisha ya leo kwa sababu ya jana ilikuwa mbaya, funika mistari ya nyuma kwa karatasi, uone wa leo peke yake. Na kama kujipima kunakufanya ujichunguze mchana kutwa na kuzama zaidi, simamisha. Wapo watu ambao kujichungulia huwazidishia uzito, na kwao daftari la nukta libaki la kazi na miadi tu.

Jedwali halitambui ugonjwa, lakini linaweza kubebwa kwa daktari, na ukurasa mmoja humweleza zaidi kuliko "sijisikii vizuri siku hizi." Ubebe ikiwa karibu kila siku kwa wiki mbili moyo ni 1 au 2. Ubebe pia ikiwa nguvu inakaa 5 kwa siku nne au zaidi mfululizo huku unalala saa chache na huchoki. Watu hudhani hizo ni siku njema, na huenda zisiwe. Mwanamke anayeona mishuko inarudi kabla ya hedhi aitumie safu ya nne kuandika siku ya mzunguko wake, kwa angalau mizunguko miwili, kwa kuwa wataalamu huhitaji kumbukumbu ya kila siku ya namna hiyo kabla ya kutoa jibu. Mawazo ya kujiua hayasubiri mwezi ufike mwisho: mwambie mtu leo, nenda hospitali leo.

Tarehe ya kwanza ya mwezi mpya ndiyo siku ya kuhamisha. Carroll anataka kila jambo lisilofanyika liandikwe tena kwa mkono, ili usumbufu wa kuliandika ukuulize kama bado una haja nalo. Fanya hivyo kwa safu ya nne. Kama haikuonyesha tofauti yoyote, iache kwenye ukurasa wa zamani, uchague mshukiwa mwingine. Moyo, nguvu na usingizi zihamishe kila mara, kwa maana zilezile ulizoandika ndani ya jalada. Ukibadilisha maana katikati, mwezi huu na uliopita haviwezi tena kulinganishwa.