Kifungu cha bima kikiwa na maana mbili, waandikieni mawakili wao hivi

Dada mmoja wa Chake Chake kaniuliza juzi nliwaandikia nini wale wa bima mpaka wakalipa, basi naeleza hapa maana wapo wengi wanaoambiwa "kifungu hakiruhusu" wakanyamaza.

Mimi nauza magodoro na mazulia Mwanakwerekwe, na masika maji yaliingia dukani. Ya stoo nyuma yalikuwa juu ya mapaleti yakasalimika. Yalioharibika ni yale ya mbele, yamepangwa chini wateja wayaone. Bima wakakataa kulipa hata shilingi, eti polisi, yaani mkataba wa bima, inasema bidhaa zilizohifadhiwa lazima ziwe sentimita 15 juu ya sakafu. Iliniuma sana, mtu unalipa kila mwaka kisha unajibiwa kwa mstari mmoja.

Nkaisoma polisi yote, si kile kifungu tu, na hapo ndo nliposhinda. Kwenye orodha ya mali wenyewe wametenga "bidhaa zilizohifadhiwa" na "bidhaa zilizo kwenye maonyesho ya kuuza", na sharti la sentimita 15 limetaja zile za kwanza peke yake. Imeli yangu kwa mawakili wao sikuanza na kulia, nlianza na kifungu neno kwa neno, halafu hivi: "Kifungu hiki kinaweza kusomeka kuwa kinagusa bidhaa zote, na kinaweza kusomeka kuwa kinagusa za stoo tu. Orodha yenu inaunga mkono maana ya pili. Maneno mmeandika nyinyi, kwa hiyo penye shaka isomwe kwa faida ya mteja."

Kanuni hiyo mahakama inaijua zamani. Kesi ya Uingereza ya 1954, Houghton na kampuni ya Trafalgar, gari ya watu watano ilibeba sita, bima wakasema imezidisha mzigo, mahakama ikasema neno mzigo hapo haliko wazi kuwa ni abiria, bima walipe. Nliitaja kwa sentensi mbili basi. Nkaongeza kuwa anaejificha nyuma ya kifungu cha kukataa ndie anaetakiwa kuthibitisha kuwa kinamgusa mteja.

Lakini jamani sikilizeni, shaka lazima iwe ya kweli. Kama maneno yako wazi, kanuni haikusaidii, hata yakiwa makali vipi. Na kama kifungu kaandika broka wako akawapelekea wao, wanaweza kukugeuzia wewe. Msichanganye pia na maombi ya huruma, ukiandika "nisaidieni hata nusu" kwenye imeli hiyo hiyo ushawaonyesha huiamini hoja yako.

Mwisho wa imeli omba kitu kimoja, walipe au wakujibu kwa maandishi wakitaja kifungu gani na kwa nini maana yako haifai, wape tarehe. Jibu hilo ndo utakalolipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wakikataa. Mimi sikufika huko, walinilipa magodoro na mazulia ya mbele yote.