Ripoti ya mafuta ya karafuu: usiishie mstari wa kwanza

*"Wadau, nimeletewa ripoti ya GC ya mafuta ya karafuu ya Pemba. Yujenoli asilimia 89. Muuzaji anasema ni daraja la kwanza, yametoka kwenye karafuu zenyewe. Nilipie?"*

Usilipe bado ndugu yangu. Namba kama hiyo ndiyo iliyonitia hasara mimi hapa Chake Chake. Nilinunua dumu la lita 20 kwa bei ya mafuta ya karafuu, mteja akalirudisha, akasema haya ni ya majani. Nilipoitoa tena ripoti ya GC, ile ya mashine inayoonyesha kila kemikali ni asilimia ngapi ya mafuta, jibu lilikuwamo humo humo, chini ya pale nilipokodolea macho:

```
Eugenol              89.2
beta-Caryophyllene    7.6
alpha-Humulene        0.9
Eugenyl acetate       0.8
```

Mkarafuu una mafuta ya aina tatu: ya karafuu zenyewe, ya makonyo yanayobeba karafuu, na ya majani. Yote yamejaa yujenoli, kemikali yao kuu, tena ya makonyo na ya majani mara nyingi huyapita ya karafuu. Kwa hiyo 89 haikwambii umeuziwa nini. Tazama yujenili asetati, ule mstari wa mwisho. Mafuta ya karafuu kwa kawaida huwa nayo asilimia 4 hadi 15. Ya majani ni nadra kufika 2, ya makonyo hupanda kidogo tu. Yangu ilikuwa 0.8.

Ukikuta 3, usimwite mtu mwizi papo hapo. Karafuu zikichemshwa ndani ya maji kwa muda mrefu, asetati huvunjika ikageuka yujenoli. Muulize alitumia mvuke au alichemsha, na kwa saa ngapi.

Jambo la pili wengi hawalijui. Asilimia zile ni mgawanyo wa vile vilivyogeuka mvuke vikapita kwenye mashine. Mafuta ya kupikia hayapiti, hubaki mlangoni mwa mashine. Mtu akichanganya moja ya kumi ya mafuta ya alizeti, ripoti itatoka safi vilevile na jumla itakuwa karibu na 100. Hapo kinachosaidia ni mizani. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji: lita moja, katika nyuzi 20, huwa kama kilo 1.044 hadi 1.057. Ya alizeti ni kama 0.92. Yenye 1.05 yakichanganywa hivyo hushuka hadi 1.037 hivi. Joto letu nalo huyapunguzia uzito kidogo, kwa hiyo yapoze kwanza, na pima kwa chupa ya ujazo kamili, si kwa chupa ya soda kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Halafu linganisha namba ya mzigo iliyo kwenye ripoti na iliyo kwenye dumu. Kuna muuzaji alinionyesha ripoti nzuri kabisa. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka juzi, na mafuta yalitoka mtamboni wiki ile ile.